Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: vifaa vya kumsaidia dereva na vya starehe kwenye gari lililotumika

Muuzaji anataja "full option" na bei inapanda. Majibu haya yanahusu kitu kimoja: kati ya vyote vilivyomo kwenye hiyo "full option", kipi kinastahili kuongezewa pesa, kipi kihesabiwe sifuri, na kipi kikupunguzie bei.

## Mambo ya msingi

Nianzie wapi kuamua kama kifaa kinastahili kulipiwa?

Anza na swali la fundi, si la muuzaji: je, kifaa hiki kinaweza kufungwa baadaye? Kamera ya rivasi, sensa za kuegesha, redio inayounganishwa na simu, na hata vitambaa vya kupasha siti joto hufungwa kwenye karibu gari lolote. Ukiongeza pesa nyingi kwa ajili ya hivyo, umelipia kitu ambacho fundi umeme angekifunga kwa siku moja.

Breki ya dharura inayojifunga yenyewe ni habari nyingine. Inahitaji kamera au rada, kompyuta yake, pampu ya breki inayokubali kuamrishwa na kompyuta hiyo, na nyaya zilizopitishwa kiwandani. Gari lililotoka bila mfumo huu halifungwi mfumo wa kweli baadaye. Kilichopo sokoni ni vidude vya kupiga kelele tu, ambavyo havigusi breki. Hali ni hiyo hiyo kwa kruzi inayofuata mwendo wa gari la mbele.

Swali la pili: kikiharibika, gari linabaki gari? Siti isiyopata joto haimzuii mtu kusafiri. Springi za hewa zikivuja, gari linalala chini asubuhi na haliendi popote. Kipe thamani kile kisichoweza kuongezwa baadaye na kisicholisimamisha gari kinapokufa. Vingine vihesabie kidogo au usivihesabie kabisa.

Ni vipi ambavyo sipaswi kuvikosa hata nikinunua gari la bei ya chini?

Viwili: ABS na udhibiti wa kuteleza. ABS ya kisasa ya kielektroniki ilianza kuuzwa kwenye Mercedes-Benz S-Class mwaka 1978, na udhibiti wa kuteleza ukafuata mwaka 1995, kwa hiyo si teknolojia ngeni kwa fundi yeyote. Marekani iliulazimisha udhibiti wa kuteleza kwa magari mapya ya modeli ya 2012, na Umoja wa Ulaya kwa magari yote mapya kuanzia Novemba 2014. Lakini gari la zamani kuliko hapo, au lililotengenezwa kwa soko jingine, linaweza kuwa halina. Hakikisha kwa macho: ukiwasha swichi bila kuwasha injini, taa yenye picha ya gari na mistari miwili iliyopinda nyuma yake lazima iwake kisha izime.

Mifumo yote mikubwa ya kumsaidia dereva imejengwa juu ya hii miwili. Sensa za magurudumu zinazoitumikia ABS ndizo zinazoiambia kruzi na breki ya dharura gari linakwenda kasi gani.

Na baada ya hivyo viwili, kipi kifuate?

Breki ya dharura inayojifunga yenyewe. Taasisi ya IIHS ya Marekani, inayogharamiwa na kampuni za bima, ilikuta magari yenye mfumo huu yanagonga magari ya mbele kwa takriban nusu ya mara ambazo magari yasiyo nao yanagonga. Taa ya kuonya gari lililo upande usioonekana kwenye kioo cha pembeni ilipunguza ajali za kubadilisha njia kwa takriban asilimia 14. Hiyo ni faida ya kweli, ila ndogo, na inamfaa zaidi anayetumia barabara za njia nyingi.

Kuna mpaka wa kuujua. Taasisi hiyo hiyo ilikuta kwamba kwenye barabara zisizo na taa usiku, mifumo ya kutambua watembea kwa miguu haikuleta tofauti iliyoonekana. Kama safari zako nyingi ni za usiku kwenye giza, pesa hiyo huenda ikakufaa zaidi kwenye taa za mbele nzuri.

## Vifaa vinavyoona: kamera na rada

Kamera na rada ziko wapi, na kwa nini nijali?

Kamera hukaa nyuma ya kioo cha mbele, juu, karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Rada ya mbele hukaa nyuma ya nembo, kwenye grili au ndani ya bampa la mbele. Rada za upande usioonekana zimejificha kwenye pembe mbili za bampa la nyuma.

Tazama maeneo hayo tena: kioo cha mbele, bampa la mbele, pembe za bampa la nyuma. Ndiyo yanayovunjika mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya gari, na ndiyo yanayotengenezwa kwa haraka kabla gari halijauzwa. Kwa sababu hiyo gari lililotumika linaweza kuwa na kila kitufe kwenye usukani na bado lisiwe na mfumo unaofanya kazi.

Kalibresheni ni nini, na ikikosekana kuna ubaya gani?

Ni kuifundisha upya kamera au rada mahali ilipo na inakotazama, baada ya kutolewa au kusogezwa. Hufanyika kwa njia mbili. Ya kwanza, gari husimamishwa sakafu tambarare, bango lenye alama maalumu likawekwa mbele yake kwa vipimo vya mtengenezaji, kisha mashine ikaamuru kamera ijipime. Ya pili, mashine ikiwa imeunganishwa, gari huendeshwa barabarani penye mistari inayoonekana mpaka mfumo ukubali. Magari mengine hudai zote mbili.

Ubaya wa kuiacha unaonekana kwa hesabu ndogo. Kamera ikipinda nyuzi 1 tu pembeni, kitu kilicho mita 50 mbele kitaonekana kimesogea karibu sentimita 87. Kwenye mita 100 kosa linafika mita 1.75, yaani nusu ya njia yenye upana wa mita 3.5. Gari kama hilo linaweza kushtukia lori la njia ya jirani na kukanyaga breki, au kulipuuza lililo mbele yake. Nyuzi 1 huwezi kuiona kwa jicho, na taa ya onyo si lazima iwake.

Nitajuaje kama kioo cha mbele kilibadilishwa?

Soma maandishi madogo kwenye kona ya kila kioo. Vioo vya kiwandani kwa kawaida vina nembo moja na alama za mwaka zinazokaribiana. Kioo cha mbele kikiwa na nembo tofauti na vya milango, huenda kimebadilishwa. Kubadilishwa si dosari. Muulize muuzaji hati ya kalibresheni iliyofanywa baada ya hapo. Asipokuwa nayo, hesabu kwamba haikufanyika.

Kisha toka nje utazame kamera kupitia kioo. Mbele yake pawe safi, bila povu la gundi, ukungu wala stika. Vioo vingine vya bei rahisi vina kishikio cha kamera kisichokaa sawasawa, au sehemu ya mbele ya kamera iliyopinda kidogo, na hapo kalibresheni hukataa kabisa. Fundi mwenye mashine nzuri atakwambia "imegoma", na dawa ni kununua kioo kingine.

Na bampa?

Pitisha kidole kwenye nafasi kati ya bampa na fenda, kushoto na kulia. Zikitofautiana, huenda bampa liliwahi kutolewa. Angalia vichwa vya boliti ukifungua boneti: rangi iliyochubuka ni alama ya spana. Kwenye pembe za nyuma tafuta rangi nene, mikwaruzo iliyojazwa puti, au rangi isiyofanana na ya mlango. Mawimbi ya rada ya 77 GHz yana urefu wa takriban milimita 4 tu. Tabaka nene la puti mbele ya rada huyapunguza au kuyapindisha, na rangi yenye unga wa chuma ikirundikwa mara kadhaa hufanya hivyo hivyo. Bampa linaweza kung'aa kama jipya huku rada iliyo nyuma yake ikiona ukungu.

## Kujaribu kabla ya kulipa

Nijaribu vipi, kwa utaratibu gani?

Anza gari likiwa limepoa na wewe ukiwa kwenye kiti. Washa swichi bila injini na uhesabu taa za onyo: zote ziwake, kisha baada ya injini kuwaka zizime. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko isiyozima, kwa sababu huenda mtu ameikata ili usiione.

Ingia kwenye menyu ya gari. Kila mfumo ulioahidiwa uwe na mstari wake unaoweza kuwashwa na kuzimwa. Ulio na rangi ya kijivu na usiobofyeka una hitilafu, au gari halijawahi kuwa nao.

Endesha si chini ya dakika 20, sehemu yake kwenye barabara ya kasi. Mwenye gari akifuta kumbukumbu za hitilafu asubuhi, mfumo wa kamera hautalalamika mpaka ufike kasi yake ya kujipima. Mifumo mingi ya kushika mstari huamka kwenye kasi ya karibu 60 km/h. Acha gari lisogee polepole kuelekea mstari wa kushoto, kisha wa kulia, kukiwa hakuna gari karibu, mikono ikiwa kwenye usukani. Onyo lije kwa umbali unaolingana pande zote mbili. Likiwahi upande mmoja na kuchelewa mwingine, kamera inatazama pembeni.

Kruzi ijaribu nyuma ya gari lililo mbali, mguu ukiwa tayari juu ya breki. Alama ya gari itokee kwenye dashibodi mapema, na mwendo upungue taratibu. Kutambua kwa kuchelewa au kupoteza gari la mbele kwenye kona ndogo kunaashiria rada iliyopinda. Taa za vioo vya pembeni zijaribu kwa kuacha magari yakupite, kushoto na kulia.

Breki ya dharura usiijaribu, si kwa ukuta, si kwa maboksi, si kwa rafiki. Kwa huo tegemea mashine (swali linalofuata).

Kile kidude kidogo cha OBD cha kuunganisha na simu kinatosha?

Kwa injini, mara nyingi ndiyo. Kwa mifumo hii, hapana. Vingi husoma kompyuta ya injini pekee, kwa hiyo "No codes" kwenye simu haisemi chochote kuhusu kamera au rada. Omba fundi mwenye mashine inayopitia kompyuta zote za gari, na afanye hivyo baada ya mwendo wa majaribio, si kabla. Hitilafu zinazoanza na C ni za chasisi na breki, B za bodi, U za kompyuta kutosikilizana. Akikuta maandishi kama "calibration not completed", tayari una hoja ya kupunguziwa bei.

Taa tano za onyo zimewaka kwa pamoja. Niondoke?

Usiondoke haraka. Sensa moja ya gurudumu ikifa inaweza kuzima ABS, udhibiti wa kuteleza, kruzi na breki ya dharura kwa wakati mmoja, kwa sababu zote zinakula kwenye sahani hiyo hiyo. Betri dhaifu nayo hufanya hivyo. Ni kipuri cha bei nafuu kinachofanya gari lionekane limekufa, na wanunuzi wengi hukimbia. Lakini usikisie. Mashine ikitaja sensa moja, umepata gari kwa bei ya woga wa wengine. Ikitaja pampu ya ABS yenyewe, ondoka au punguza bei sana.

## Vifaa vya starehe

Kati ya vya starehe, vipi vina thamani?

Kiyoyozi kinachofanya kazi, kwanza na mbali. Jaribu kwa dakika 10 injini ikiwa imepata joto, kwa sababu compresa chovu hupoza vizuri mwanzoni tu. Kama kuna joto tofauti kwa dereva na abiria, weka upande mmoja baridi kabisa na mwingine moto kabisa. Mlio wa "tik tik tik" nyuma ya dashibodi ni mota ndogo ya kilango cha hewa iliyovunjika meno. Kipuri ni kidogo, ila kwenye baadhi ya magari kukifikia kunadai dashibodi yote itolewe, na hapo kazi inagharimu kuliko kifaa.

Siti za umeme na za joto zilipie kidogo tu. Sogeza kila siti mpaka mwisho pande zote, na uache joto kwa dakika 5 ukilisikilizia mgongoni na chini pia.

Paa la kioo je?

Lipe sifuri, hata kama unalipenda. Maji ya mvua huingia kwenye fremu yake na kutoka kwa mirija myembamba, kwa kawaida kwenye pembe. Mirija ikiziba kwa vumbi na majani, maji hushuka kwenye nguzo na kulowesha sakafu, ambako magari mengi yana viunganishi vya nyaya na hata kompyuta. Inua kapeti miguuni na ubonyeze sponji iliyo chini yake. Ikiwa na unyevu au harufu ya kuoza, hiyo si ishu ya paa tena, ni ishu ya umeme. Likiwa kavu, mwaga nusu kikombe cha maji kwenye mfereji wa pembe paa likiwa wazi. Yatoke chini ya gari baada ya sekunde chache.

Springi za hewa?

Ni starehe tamu zaidi na ya gharama zaidi. Mpira huzeeka na kupasuka, upepo huvuja, na pampu hufanya kazi bila kupumzika mpaka iungue. Pima kwa rula kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, jioni na tena asubuhi kabla gari halijawashwa. Kona moja ikishuka kuliko nyingine, inavuja. Kama huna pesa ya kubadilisha kona zote, chukua gari lenye springi za chuma.

## Mfano wa hesabu

Magari mawili yanafanana ila moja ni "full option". Nihesabu vipi?

Tuseme gari la kwanza, la kawaida, lina bei ya 100. La pili, mwaka ule ule na kilomita zile zile, ni 115, na limeongezewa breki ya dharura, taa za upande usioonekana, paa la kioo na siti za umeme. Namba hizi ni za mfano. Weka bei halisi ulizopewa na mafundi wako.

Mnunuzi anaendesha sana barabara kuu, kwa hiyo breki ya dharura na taa za vioo amezipa 8. Siti 2. Paa 0. Jumla 10, kwa hiyo hata likiwa zima kabisa gari hili kwake ni 110, si 115. Ukaguzi unaonyesha kioo cha mbele chenye nembo tofauti, onyo la mstari linalochelewa upande wa kulia, na kapeti lenye unyevu mguuni pa abiria. Kalibresheni ni 2, kuzibua mirija na kukausha ni 1. Ofa yake ni 107.

Hapo kuna mtego mmoja. Kioo kikikataa kalibresheni, kipya ni 5 zaidi, na gari linashuka hadi 102. Kwa hiyo anamwomba muuzaji afanye kalibresheni kabla ya malipo, kwa gharama ya muuzaji: ikikubali, analipa 109, kwa sababu ile 2 haimhusu tena. Muuzaji akikataa hata kujaribu, huenda anajua kitakachotokea. Mnunuzi anachukua gari la 100 na kufunga sensa za kuegesha kwa 1.

## Hali zisizo za kawaida

Gari lilitengenezwa kwa soko jingine. Vifaa vitafanya kazi?

Breki ya dharura na rada kwa kawaida hazijali nchi. Vinavyokwama ni ramani, masafa ya redio, lugha ya menyu na kutambua vibao vya kasi. Vipe sifuri mpaka uvione vikifanya kazi mahali utakapoendesha.

Muuzaji anasema naweza kuwasha gari kwa simu. Ni kweli?

Inategemea kama huduma ingali hai. Gari lililotegemea mtandao wa 3G hupoteza huduma hiyo mtandao ukizimwa, kama ilivyotokea Marekani mwaka 2022, na kompyuta ya gari haibadilishiki kirahisi. Huduma nyingine huisha mwenye gari asipolipia. Ukikuta inafanya kazi, hakikisha mmiliki wa zamani ameliondoa gari kwenye akaunti yake mbele yako, la sivyo ataendelea kuona lilipo na pengine kufungua milango.

Nitathibitishaje kwamba kifaa kilitoka kiwandani?

Chukua namba ya VIN, ile ya herufi na tarakimu 17, na umwombe wakala wa aina hiyo ya gari orodha ya vifaa vya kiwandani. Linganisha na unachokiona. Kamera iliyoongezwa baadaye haina neno. Usukani wenye vitufe vya kruzi kwenye gari ambalo orodha haiitaji kruzi unaulizwa swali jingine: ulitoka gari gani, na kwa nini wa mwanzo ulitolewa? Mara nyingi usukani hubadilishwa baada ya begi la hewa kulipuka. Kabla ya kuendelea, mwambie fundi asome kompyuta ya mabegi ya hewa, kwa kuwa nyingi hubaki na kumbukumbu ya ajali.